Nilimwombea mpenzi wangu Mwislamu "katika jina la Yesu", akajibu "Asante." Nilikosea wapi?

#1 Kitenge_cha_Jumapili
Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja.

Mimi nimeokoka, mwenzangu ni Mwislamu, tuko mwaka wa 3. Dini haijawahi kutugombanisha, labda kwa sababu hatuigusi. Kesho kutwa anafanyiwa upasuaji wa henia. Jana usiku nikamtumia ujumbe huu, naunakili kama ulivyo:

"Mpenzi wangu, usiogope. Nakufunika kwa damu ya Yesu kuanzia utosini hadi unyayoni. Kila silaha itakayofanyika juu yako haitafanikiwa. Mungu akuongoze na akufungue macho uuone ukuu wake. Katika jina la Yesu, amina. Nakupenda sana."

Siku zote nikimwandikia "Mungu akulinde" hunijibu "amin" kabla sijaweka simu chini. Huu ameusoma, tiki za bluu naziona, kakaa dakika 40, kisha: "Asante." Na nukta mwishoni. Huyu mtu hajawahi kuniwekea nukta.

Nimemwombea kwa moyo wote. Kosa langu ni lipi, na ningeandikaje?

#2 Mzee_wa_Kona
Nukta ya mwanaume mwenye henia ni maumivu tu, dada. Usitafute teolojia kwenye nukta.

#3 Sauti_ya_Nyikani
Hujakosea popote. Yohana 14:13 na 14 imesema tuombe kwa jina lake. Ukiliondoa jina ili kumfurahisha mtu, unakuwa umemwomba nani? Kama anakupenda atapokea.

#4 Ukuti_Mkavu
Mimi Mwislamu, mke wangu Mkristo, tuna miaka 14 ndani ya ndoa. Ujumbe wa namna hii nimeshapokea, kwa hiyo naweza kukuambia zile dakika 40 alikuwa anafanya nini.

Alikuwa anatafuta pa kuitikia.

Kwetu "amin" siyo adabu ya kusema "nimekusikia". Anayeitikia dua amehesabika kuwa ameiomba yeye mwenyewe. Katika Sura ya 10, aya ya 89, Mwenyezi Mungu anawaambia Musa na Haruni kwamba dua yenu nyinyi wawili imekubaliwa, ilhali aya iliyotangulia aliyeomba ni Musa peke yake. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba Haruni alikuwa anaitikia amin. Sasa mpenzi wako akiitikia amin juu ya "damu ya Yesu", ameomba kwa kitu ambacho dini yake inasema hakikutokea. Sura ya 4, aya ya 157: hawakumuua wala hawakumsulubu. Akinyamaza, amekudharau wewe uliyemwombea. Akaona atoe shukrani. Hiyo "Asante" ndiyo njia pekee iliyobaki ya kukuheshimu bila kudanganya.

Kwa hiyo usiisome kama hasira. Ila usirudie.

#5 Kitenge_cha_Jumapili
@Ukuti_Mkavu hilo la Musa na Haruni sikulijua. Asante sana. Kwa hiyo tatizo ni jina la Yesu tu?

#6 Ukuti_Mkavu
Hapana, na wala si hapo panapochoma zaidi. Jina la Yesu anajua ni imani yako, amelizoea. Rudi kwenye sentensi ya "Mungu akuongoze na akufungue macho". Hapo ulikuwa unamwombea nini hasa?

#7 Kitenge_cha_Jumapili
Kanisani tunasema hivyo kila siku. Maana yake aone matendo ya Mungu.

#8 Ukuti_Mkavu
Naam, ila sikio lake halikukulia kanisani. Kwetu kuongozwa ni hidaya, na hidaya hasa ni ile ya kuingia kwenye njia iliyonyooka. Kuna hadithi katika Abu Daud: Mayahudi walikuwa wakipiga chafya mbele ya Mtume makusudi, wakitumaini awaambie "Mungu akurehemu". Yeye akawajibu "Mungu awaongoze na atengeneze mambo yenu". Mtu aliyesoma chuoni anajua kwamba "Mungu akuongoze" ni dua anayoweza kupewa asiye wa dini yako. Sasa wewe umempa yeye hiyo, siku tatu kabla ya kisu, na ukaongeza "akufungue macho". Amesikia: unaweza kufa, na kipofu bado.

#9 Mzee_wa_Kona
Aisee. Na mimi huwaambia madereva wote "Mungu akuongoze". Kumbe nasilimisha barabarani.

#10 Binti_Maua
Hahaha @Mzee_wa_Kona kwa dereva iko sawa, ana usukani. Shida ni kuisema kwa mtu aliyelala.

Kweli lakini, mimi Mkristo na ningeandika vilevile bila nia mbaya. Hayo ni maneno ya kila siku.

#11 Rozari_Mfukoni
Mimi nilipitia haya haya. Mimi Mkatoliki, mchumba wangu mlokole. Nilimwandikia "Mama Maria akuombee kwa Mwanae", akanipigia simu usiku akiniuliza kwa nini namwombea kwa marehemu. Tuliongea saa 2. Siku hizi naandika "Bwana awe nawe" na yeye anajibu "na wewe pia", tunaendelea na maisha.

#12 Sauti_ya_Nyikani
@Rozari_Mfukoni hiyo ni dini moja mkuu, mada ni dini mbili.

#13 Rozari_Mfukoni
Njoo uongee na mama mkwe wangu ndipo uniambie ni moja.

#14 Hoja_Nzito
Naona mnazunguka. Swali ni moja: kwa nini wako pamoja? 2 Wakorintho 6:14, msifungiwe nira pamoja na wasioamini. Yamekwisha.

#15 Binti_Maua
Hajauliza hilo. Ameuliza aandikeje. Fungua uzi wako tukutembelee.

#16 Mwana_wa_Alfajiri
Mimi nimekulia nyumba ya dini zote mbili, mama huku, baba kule. Nachangia upande ambao haujaguswa: Mwislamu naye hukosea akidhani anaheshimu.

Mjomba wangu alimwandikia mkewe Mkristo, siku anasafiri: "Mungu akulinde kama alivyomlinda Isa bin Maryamu." Alijiona fundi, amemtaja Yesu na hajavuka mpaka wake. Shangazi hakufurahi hata kidogo. Kwa mjomba, Isa alilindwa kwa kuepushwa na msalaba. Kwa shangazi, msalaba ndiyo habari yenyewe, na dua ile ilikuwa inaufuta kwa sauti ya upole.

Kwa hiyo kumtaja nabii au mtu mnayeshirikiana siyo usalama. Mnashirikiana jina, kisa ni tofauti.

#17 Ukuti_Mkavu
@Mwana_wa_Alfajiri hapo umenifundisha. Mimi mwenyewe nilishaandika "kama Isa" nikadhani nimejenga daraja.

#18 Pwaguzi_Mtandaoni
Rahisi tu, Mkristo atumie maneno ya Kiislamu. Mwandikie "Inshallah utapona". Ila angalia, ukiandika "Inshallah" kwa kuunganisha ni kufuru, maana yake inakuwa "kumuumba Allah". Andika "In shaa Allah", maneno matatu.

#19 Ukuti_Mkavu
@Pwaguzi_Mtandaoni nusu ya hilo ina msingi. Onyo lilihusu maandishi ya Kiarabu, ambako ukiunganisha "in" na "shaa" unapata neno jingine lenye maana ya kuanzisha au kuunda. Kwa herufi hizi tunazotumia hapa hakuna neno jingine linalozaliwa. Kiswahili kimeandika "inshallah" kitambo na hakuna aliyekufuru.

Swali lililo zito zaidi ni kama Kitenge aivae. Mimi mke wangu akiniandikia "inshallah" nafurahi. Akianza kuniandikia "jazakallahu khairan" na "subhanallah" kila mstari, nitauliza anataka nini.

#20 Mwana_wa_Alfajiri
Tena "inshallah" si ya kuazima kihivyo. Yakobo 4:15 inawaambia Wakristo waseme "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi". Kitenge akiandika "Mungu akipenda" amesimama ndani ya Biblia yake, na mwenzake anasikia inshallah. Hapo hakuna aliyevua kanzu wala kitenge.

#21 Sauti_ya_Nyikani
Sawa, lakini mnakwepa hoja yangu ya #3. Ombi bila jina la Yesu ni ombi la nani?

#22 Mwana_wa_Alfajiri
Sikwepi. Baba Yetu, Mathayo 6:9 hadi 13, fundisho la Yesu mwenyewe kuhusu kuomba: kuna mahali linasema "katika jina la Yesu"? Na baraka waliyopewa makuhani, Hesabu 6:24 hadi 26, inasema Bwana akubarikie na kukulinda. Hakuna jina jingine. Mchungaji wako anaitamka mwisho wa ibada na hujawahi kumwambia imepungua.

#23 Sauti_ya_Nyikani
Mathayo 6 ni kabla ya msalaba. Soma Yohana 16:24, "Hata sasa hamkuomba neno kwa jina langu, ombeni". Yaani mwanzo walikuwa hawaombi hivyo, sasa waombe. Baba Yetu haifuti hilo.

#24 Mwana_wa_Alfajiri
Hoja nzuri, sikatai. Ila hapo anasemwa anayeomba mbele za Mungu. Ujumbe wa simu haumwendei Mungu, unamwendea mtu wa henia. Apige magoti aombe kwa jina la Yesu mpaka kunakucha, kisha aandike "nimekuombea".

#25 Sauti_ya_Nyikani
Kwa hiyo aombe kwa siri kana kwamba anaona haya? Hapo hatutakubaliana.

#26 Binti_Maua
Mimi nipo katikati. Nadhani kuna tofauti ya kusema "nakuombea" na kumwombea mtu palepale kwenye ujumbe, akiwa hana pa kukimbilia. Ya kwanza ni habari. Ya pili inadai jibu.

#27 Kitenge_cha_Jumapili
Nimesoma yote. Jana sikulala vizuri kwa ajili ya hiyo #8. Upasuaji ni kesho asubuhi, nataka nimtumie mwingine leo jioni. Nimejaribu hivi, nikosoeni:

"Mpenzi wangu, samahani kwa ujumbe wa juzi, nilikuwa na hofu. Bwana akubariki na kukulinda kesho. Aiongoze mikono ya daktari. Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu. Nakupenda. Amina."

#28 Mwana_wa_Alfajiri
DADA USITUME.

Ruthu 1:16 huwezi kuitumia hapo. Najua iko kwenye kadi za harusi, lakini kwanza Ruthu alikuwa anamwambia mama mkwe wake, siyo mume. Pili, ule ndio wakati Ruthu Mmoabi anaacha miungu ya kwao. Ukimwandikia Mwislamu "Mungu wako atakuwa Mungu wangu" umemtangazia kwamba unasilimu. Kesho akizinduka atawapigia wazazi wake simu.

#29 Mzee_wa_Kona
Na shehe atakuwa mlangoni wodini.

#30 Binti_Maua
Nimecheka peke yangu kwenye foleni. Kuna na ule mwingine wa Mwanzo 31:49, ule wa Bwana atuangalie mimi na wewe tukiwa mbali. Wapenzi wanautumiana sana. Ukisoma sura yote, ni Labani na Yakobo, wameshachoka kuibiana, wanawekeana mpaka. Maana yake ni "Mungu anakuona, usinifanyie ujanja".

#31 Kitenge_cha_Jumapili
Mungu wangu. Ruthu naifuta. Nisaidieni kwenye yaliyobaki.

#32 Ukuti_Mkavu
Twende neno kwa neno, maana umebakiwa na vitu vizuri.

"Aiongoze mikono ya daktari" iache. Ni kuongoza kulekule, ila sasa kinachoongozwa ni mkono wenye kisu, na kila mgonjwa anataka uongozwe.

"Bwana" siyo kosa, lakini kwake ni neno la kanisani moja kwa moja, kama vile ukisoma "Rabbi" kwangu. Weka "Mwenyezi Mungu".

Kuhusu uponyaji, sisi tuna dua Mtume alikuwa akimwombea mgonjwa, iko kwa Bukhari na Muslim. Kwa Kiswahili inakuwa: Ee Mola wa watu, ondoa maumivu, ponya, Wewe ndiye Mponyaji, hakuna kupona ila kupona kutokako kwako. Jiulize kama kuna neno hapo usiloliamini.

#33 Mwana_wa_Alfajiri
Hakuna. Kutoka 15:26 Mungu anajiita yeye anayeponya, "mimi ndimi BWANA nikuponyaye". "Mponyaji" ni la pande zote mbili, na kila mmoja ana aya yake.

Na @Sauti_ya_Nyikani, kabla hujasema "Mwenyezi Mungu" ni lugha ya msikitini: Biblia ya Habari Njema inaandika "Mwenyezi-Mungu" pale ambapo ile ya Union Version inaandika BWANA kwa herufi kubwa. Ile baraka ya Hesabu 6, ukiisoma humo, ndivyo inavyoanza. Kwa hiyo Kitenge ananukuu Biblia bila kupunguza kitu, na jamaa anasoma neno analolitumia nyumbani.

#34 Sauti_ya_Nyikani
Hilo la Habari Njema ni kweli, ninayo hapa. Nakubali neno. Sikubali mtu afundishwe kuficha.

#35 Kitenge_cha_Jumapili
Jaribio la pili:

"Mpenzi wangu, samahani kwa ujumbe wa juzi, nilikuwa na hofu. Kesho Mwenyezi Mungu akubariki na kukulinda. Yeye ndiye Mponyaji. Aiongoze mikono ya daktari, akuondolee maumivu, akurudishe kwangu salama. Nimekuombea kwa namna ninayojua kuomba. Nakupenda. Amina."

#36 Binti_Maua
Toa msamaha. Mtu anaingia kwenye upasuaji, unampa kazi ya kukusamehe. Hilo ni la akishapona.

#37 Ukuti_Mkavu
Nakubaliana na Binti. Na toa "Amina" ya mwishoni. Siyo kwa sababu wewe unasema amina na yeye amin, hilo ni dogo. Ukiifunga dua mwenyewe, yeye anabaki mtazamaji. Iache wazi, amin aiweke yeye.

#38 Hoja_Nzito
"Kwa namna ninayojua kuomba" ni kiwiko cha ubavuni. Anamkumbusha kwamba ameombewa kwa Yesu, ila kwa kujificha. Bora angesema wazi au anyamaze.

#39 Mwana_wa_Alfajiri
Mimi naona hiyo ndiyo sentensi bora kuliko zote. Inasema ukweli: mimi si wewe, nimeomba kama mimi. Bila hiyo ujumbe wote ungeweza kuandikwa na Mwislamu, na yeye hakumpenda Mwislamu, kampenda huyu.

#40 Ukuti_Mkavu
Mimi ningeitoa, mke wangu nimemsomea sasa hivi anasema iachwe. Miaka 14 na bado hatujakubaliana hata hilo.

#41 Sauti_ya_Nyikani
Kwa mara ya kwanza naungana na @Mwana_wa_Alfajiri. Iachwe. Ndiyo pekee yenye ushuhuda.

#42 Rozari_Mfukoni
Swali la pembeni: mwezi wa funga je? Jirani yangu Mkristo alimwandikia mkewe "Mungu atukubalie funga zetu", kumbe yeye hafungi, mke akakasirika.

#43 Ukuti_Mkavu
Aliiga ile ya Idi, "taqabbala Allahu minna wa minkum", atukubalie sisi na nyinyi. Aliyekula mchana mzima ajitoe kwenye "sisi". Aandike "akukubalie funga yako". Ingawa mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja, nasi nyumbani tulifunga wote wawili, hiyo "zetu" tuliandikiana kwa haki.

#44 Kitenge_cha_Jumapili
Wakuu, nimetuma. Nimetoa samahani, nimetoa amina, ile sentensi ya "namna ninayojua" nimeiacha. Tiki za bluu tayari.

#45 Mzee_wa_Kona
Hesabu dakika.

#46 Kitenge_cha_Jumapili
Dakika 2. Kajibu "Amin. Na wewe upate mfano wake", hakuna nukta. Yaani nukta ipo baada ya amin, mwishoni haipo.

Hiyo "mfano wake" ni nini? Mimi ndiyo niko mzima.

#47 Pwaguzi_Mtandaoni
Hiyo ni hadithi! Ukimwombea mwenzio akiwa hayupo, malaika anasema amin, nawe upate mfano wa hayo. Kakuweka kwenye daraja la Waislamu, huyo tayari anakuona wa kwake. Jiandae.

#48 Ukuti_Mkavu
Hadithi ipo, kwa Muslim. Lakini matini yake inamtaja Mwislamu anayemwombea ndugu yake, kwa hiyo siwezi kusema amekusudia nini kwa kuielekeza kwako. Huenda ni mazoea ya ulimi, sisi tunajibu hivyo bila kufikiri. Huenda amefikiri sana.

#49 Sauti_ya_Nyikani
Au anakuombea hidaya kwa mlango wa nyuma, kama ulivyomfanyia juzi.

#50 Binti_Maua
@Sauti_ya_Nyikani mwache binti alale leo.

#51 Kitenge_cha_Jumapili
Nitamuuliza mwenyewe akizinduka. Saa 3 asubuhi anaingia.

#52 Mzee_wa_Kona
Uliza akishakunywa uji. Na usiulize kwa ujumbe.